Karatasi Mlangoni: Ukurasa wa Notisi Ulivyogeuka Video ya Dakika Moja na Nusu

Hotuba kwa wasaidizi wa kisheria wa mitaani na vijana wa video, Mombasa. Tunaiweka yote hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wetu wa mitaa, mama zangu, wasaidizi wenzangu, na nyinyi vijana wa kamera mliojibanza nyuma kule kama mko kwenye matatu ya Likoni: sogeeni mbele. Leo kazi kubwa ni yenu.

Nimeombwa nieleze tunavyokigeuza kijitabu cha haki za mpangaji kuwa video za lugha nyepesi. Kijitabu chenyewe mnakijua, kimerundikana kwenye meza za ofisi zetu na wengine wanakitumia kufungia mahamri. Sitakipitia chote. Nitashika ukurasa mmoja tu, ule wa notisi ya kuhama, kwa sababu ndio ukurasa ambao watu wanatujia nao mbio. Anakuja mtu ana karatasi mkononi, imebanduliwa mlangoni asubuhi hiyo, na anauliza swali moja: "Natoka lini?"

Sasa nisikilizeni niwasomee jibu analopewa na kijitabu: "Upangaji wa vipindi unaweza kukomeshwa na upande wowote kwa kutoa notisi ambayo urefu wake hautapungua kipindi cha upangaji, na ambayo itakoma katika mojawapo ya siku ambazo kodi inalipwa."

Nani ameelewa? Inueni mikono. Naona mikono michache, na baadhi yake ni ya mawakili, hao hatuwahesabu.

Maneno hayo ni sahihi. Yametoka karibu moja kwa moja kwenye kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Aliyeyaandika hakukosea sheria. Lakini mama wa Bombolulu aliyeshika karatasi hana "upangaji wa vipindi". Ana chumba anachokilipia kila tarehe 5, ana watoto shuleni, na ana tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi kwa kalamu nyekundu. Ndiyo maana skripti yetu haianzi na jina la sheria. Inaanza na mlango kugongwa.

Lakini kabla hujaandika nani anagonga, kuna swali la kwanza, na hapa ndipo vijana wangu wengi walitaka kuruka. Huyu anayegongewa ni mpangaji gani?

Narudia: ni mpangaji gani? Kwa sababu hapa Kenya notisi haina jibu moja. Ina majibu matatu, kutegemea mlango.

Mlango wa kwanza ni wa chumba cha bei ya chini, mathalani chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili kule Majengo au Kisauni ndani ndani. Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, inalinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mpangaji wa mlango huu hatolewi na barua ya mwenye nyumba peke yake. Hata akiwa na malimbikizo ya kodi, ambayo ni sababu inayotambuliwa, ni baraza la kodi, lile watu wanaloliita traibunali, ndilo linaloamua. Na mwenye nyumba anayemtoa mtu bila idhini ya baraza, au anayemfanyia vitimbi makusudi ili achoke ahame, ametenda kosa la jinai chini ya kifungu cha 29.

Mlango wa pili ni wa nyumba ya kuishi iliyopita kiwango hicho. Hapo ndipo wengi wenu hapa mnaishi: bedsita ya Bamburi, vyumba viwili Mikindani, ploti za Mishomoroni. Baraza lile halimhusu mpangaji huyu. Anahusika na mkataba wake, na kama mkataba hauna la kusema juu ya notisi, ile sentensi ya kifungu cha 57 niliyowasomea.

Mlango wa tatu ni wa biashara: duka, mkahawa, kinyozi. Huo una sheria yake, Sura ya 301, na una baraza lake. Kwa upangaji unaolindwa na sheria hiyo, kwa mfano ule usioandikwa, notisi ya mwenye jengo haipungui miezi miwili na ni lazima iwe kwenye fomu iliyowekwa na sheria. Barua ya kawaida haitoshi.

Kwa nini nawasumbua na milango hii mitatu? Tulipoandika skripti ya kwanza, walioishika kalamu walitaka mtu mmoja, kisa kimoja, ujumbe mmoja: "Una haki ya notisi ya mwezi mmoja." Fupi, tamu, inaingia kwenye simu. Tukaionyesha kwa watu kadhaa Kongowea, na kati yao alikuwepo kinyozi. Akaitazama, akatikisa kichwa kuridhika, akasema: "Basi mimi nina mwezi. Nitakaa kimya mpaka uishe."

Mnaona hatari? Kinyozi yuko mlango wa tatu. Yeye hana mwezi wa kukaa kimya. Akipata notisi ile ya fomu na haikubali, anatakiwa amjibu mwenye jengo kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja, kisha apeleke shauri kwenye baraza lake kabla tarehe ya notisi haijafika. Akinyamaza, notisi inafanya kazi. Yaani sentensi ile ile inayompa utulivu mama wa Mikindani inamfungia duka kinyozi wa Kongowea.

Kwa hiyo tukakata. Hatukuirefusha ile video ili ibebe milango yote mitatu, maana ingekuwa kijitabu kilichopigwa picha. Tukaandika video tatu, kila moja na mlango wake, na sentensi ya kwanza ya kila moja inamchagua mtazamaji. "Kama unalala hapo na kodi imepita elfu mbili na mia tano, hii ni yako." "Kama hapo ndipo unapofanyia biashara, usitazame hii, tazama ile ya kinyozi." Ndiyo, tunamfukuza mtazamaji. Vijana wa kamera hawakupenda hilo, wanataka watazamaji wengi. Mimi nataka watazamaji wanaofaa.

Hapo niseme neno la pembeni kuhusu mji wetu. Kijitabu kinasema "mwenye nyumba" kana kwamba ni mtu mmoja mwenye vyote. Hapa Mombasa tuna nyumba bila ardhi: ukuta na paa ni vya mtu huyu, kiwanja ni cha mwingine, na mwenye nyumba mwenyewe analipa kodi ya ardhi. Kwa hiyo notisi inaweza kuja kutoka kwa mtu ambaye mpangaji hajawahi kumwona. Mgogoro wa kiwanja una njia yake na hatukuugusa kwenye video hizi. Tulichofanya ni kuweka swali moja mdomoni mwa jirani: "Aliyeandika hii karatasi ndiye unayemlipa kodi?" Kama jibu ni hapana, mtu asihesabu siku, aje ofisini na karatasi yake.

Haya, turudi kwa mama wa mlango wa pili. Tumempa jina Riziki. Hana mkataba wa maandishi, kama walivyo wengi wenu, msinitazame hivyo. Analipa tarehe 5 ya kila mwezi kwa M-Pesa. Karatasi imemfikia tarehe 10 Machi. Inasema ahame kufikia tarehe 31 Machi.

Natoka lini?

Nataka tuhesabu pamoja, kwa sauti. Analipa kwa mwezi, kwa hiyo notisi isipungue mwezi mmoja. Kutoka tarehe 10 Machi, mwezi unatufikisha wapi? Tarehe 10 Aprili. Je, ndiyo siku ya kuhama? Hapana! Sheria inasema notisi iishie kwenye siku ya kulipa kodi. Tarehe 5 Aprili imeshapita, tena ilikuwa kabla mwezi haujatimia. Siku ya kodi inayofuata ni ipi? Tarehe 5 Mei. Riziki ana mpaka tarehe 5 Mei, na karatasi inamwambia 31 Machi.

Sasa, kama karatasi ile ile ingemfikia tarehe 3 Machi, mwezi ungetimia tarehe 3 Aprili, na notisi ingeweza kuishia tarehe 5 Aprili. Tofauti ya siku saba kwenye kupokea, tofauti ya mwezi mzima kwenye kuhama. Ndiyo maana jambo la kwanza Riziki analofanya kwenye video si kulia wala kumpigia wakili simu. Anaandika tarehe.

Nawasomea skripti kama ilivyo sasa, mwone sentensi ya kijitabu imekwenda wapi.

Mlango wa chumba, mchana. Keateka anampa Riziki karatasi.

KEATEKA: Dada Riziki, mwenye nyumba amesema uhame mwisho wa mwezi.
RIZIKI: Mwisho wa mwezi huu? Na leo tarehe kumi?
KEATEKA: Mimi nimetumwa tu.

Keateka anaondoka. Riziki anaandika kwenye pembe ya karatasi: "Nimepokea 10 Machi." Anaipiga picha kwa simu. Bi Mwanajuma, jirani, anatokea uani na ndoo.

BI MWANAJUMA: Mwanangu, kodi unalipa tarehe ngapi?
RIZIKI: Tarehe tano, Bi.
BI MWANAJUMA: Mna mkataba wa maandishi?
RIZIKI: Hatuna. Nalipa tu kila mwezi, meseji zote ninazo.
BI MWANAJUMA: Basi hesabu mwezi mzima kuanzia leo, halafu songa mpaka siku ya kodi inayofuata.

Kalenda ya ukutani. Kidole cha Riziki kinatoka 10 Machi, kinapita 10 Aprili, kinasimama 5 Mei.

RIZIKI: Tarehe tano Mei!
BI MWANAJUMA: Na kodi ya hiyo miezi unalipa. Usimpe sababu.

Riziki anamwandikia mwenye nyumba ujumbe. Maandishi kwenye skrini: "Notisi yako nimeipata 10 Machi. Kodi nalipa tarehe 5, kwa hiyo notisi inaisha 5 Mei. Nitaendelea kulipa."

Hiyo ndiyo yote. Ukiisoma kwa mwendo wa mazungumzo haizidi dakika moja na nusu, pamoja na kalenda kukaa kwenye skrini muda wa kutosha mtu ahesabu naye. Hakuna aliyetamka "upangaji wa vipindi". Hakuna aliyetaja kifungu. Lakini masharti yote ya kifungu yamo: urefu wa kipindi, siku ya kodi, na kutokuwepo kwa mkataba unaosema vingine. Bi Mwanajuma anauliza juu ya mkataba kwa sababu hiyo hasa. Kijana mmoja aliufuta mstari huo kuokoa sekunde, nikaurudisha. Ukiufuta, aliye na mkataba wa notisi ya miezi miwili atajipunja mwenyewe.

Sheria haipendi kuachiwa "kama" zake njiani. Hapa ndipo lugha nyepesi inapogeuka uongo, na nataka nikae hapa kidogo.

Kulikuwa na mstari kwenye rasimu uliopendwa na kila mtu: "Mwenye nyumba hawezi kugusa vitu vyako!" Uliandikwa kwa herufi kubwa, na muziki wa ngoma chini yake. Tukauonyesha Changamwe. Kijana mmoja wa bodaboda akacheka, akasema: "Kwa hivyo naweza kukaa miezi bila kulipa na kitanda changu kiko salama?"

Mnamjibu nini? Mstari ule hauna jibu. Ukweli ni kwamba sheria ya Kenya inampa mwenye nyumba njia ya kukamata mali kwa ajili ya kodi isiyolipwa, na kazi hiyo inafanywa na dalali wa mnada mwenye leseni, kwa utaratibu. Ambacho haruhusiwi ni kuingia mwenyewe na vijana wake, kubeba televisheni, na kuiweka nyumbani kwake mpaka ulipe. Mstari tuliouandika upya ni huu, anausema Bi Mwanajuma: "Kama anakudai kodi, dalali mwenye leseni ndiye anayekuja, na karatasi. Keateka mwenye nyundo si dalali." Ni mrefu kidogo kuliko ule wa kwanza. Hauna ngoma. Lakini yule kijana wa bodaboda alipousikia hakucheka, aliuliza: "Leseni yake naitambuaje?" Swali hilo ndilo tulilolitaka. Mwambie akuonyeshe, ipige picha, na uje nayo kwetu.

Ni hivyo hivyo kwa kufuli. Kila mtu anataka video ya kufuli, kwa sababu kila mtu ana jamaa aliyerudi kazini akakuta mlango umefungwa kwa kufuli geni, au paa limeezuliwa mabati, au tokeni za stima zimekatwa. Rasimu ilisema: "Kufungiwa nyumba ni kosa la jinai, ita polisi." Kwa mlango wa kwanza, ule wa 2,500, ni kweli kabisa, nimeshawatajia kifungu cha 29. Kwa mlango wa pili, mwenye nyumba anakosea pia, maana mtu akiwa anaishi ndani, njia ya kumtoa kwa nguvu ni kupitia mahakama. Lakini kuvunja kanuni hiyo si jambo ambalo polisi wa kituoni watalishughulikia kama jinai moja kwa moja. Watakwambia ni madai, nenda kortini. Na mpangaji aliyeambiwa na video yetu aite polisi atarudi nyumbani akisema hawa watu wa haki ni waongo.

Basi katika video ya mlango wa pili Riziki hakimbilii kituoni kwanza. Anapiga picha ya kufuli ikiwa na saa, anamwita jirani awe shahidi, havunji kufuli, na anakwenda kwa msaidizi wa kisheria siku hiyo hiyo ili waombe amri ya mahakama ya kufunguliwa. Havunji kufuli! Narudia hilo kwa sababu watu wa Mikindani waliniuliza mara moja: "Si kwangu? Kwa nini nisivunje?" Kwa sababu ukivunja, mazungumzo yanahama kutoka kwa haki yako kwenda kwa mlango wa mtu uliouharibu.

Sasa, vijana wa kamera, mnajuaje kwamba video imefaulu? Nimewaona mkimaliza kuonyesha, mnauliza: "Mmeelewa?" Watu wanajibu nini? "Tumeelewa!" Hapa pwani ni nani atakwambia hajaelewa mbele ya jirani zake? Adabu haimruhusu. Msiulize hivyo. Mpeni karatasi mkononi, notisi ya kubuni, yenye tarehe nyingine kabisa. Mwambie: "Umepokea hii tarehe 20 Juni. Kodi unalipa tarehe 1. Unatoka lini?" Kisha nyamazeni.

Akisema 20 Julai, amesikia mwezi na hakusikia siku ya kodi. Kalenda yenu imepita haraka mno, irudisheni mezani. Akisema tarehe 1 Agosti, mmefaulu. Akiuliza "Mkataba unasemaje?", mmefaulu zaidi ya mlivyotarajia. Na akisema "Sitoki", basi kuna mstari fulani humo ndani unaomdanganya, utafuteni.

Na mwonyesheni bila sauti pia. Wengi wataitazama kwenye matatu, sauti imefungwa, bando likikimbia. Kama tarehe mbili, ile ya kupokea na ile ya kodi, hazisomeki kwenye skrini ndogo bila sauti, video hiyo ni ya watu wenye vipaza sauti ukumbini. Maandishi mengine yote ondoeni, hata nembo yetu. Tarehe zibaki.

Jambo jingine, fupi. Sentensi ya kijitabu inasema "upande wowote". Riziki akitaka kuhama mwenyewe, naye anadaiwa notisi ile ile. Wapangaji hawapendi kusikia hilo, na vijana waliliacha nje. Tumelirudisha kama video ndogo ya nne: Riziki amepata nyumba nafuu Mtongwe, anataka kuhama wiki ijayo, na Bi Mwanajuma yule yule, na ndoo yake, anamuuliza tarehe ya kodi. Wenye nyumba wawili walioiona waliomba waitume kwa wapangaji wao. Sikuona sababu ya kuwakataza.

Ukurasa unaofuata ni wa dipoziti, na huo bado haujaandikwa. Unategemea sana kile mlichoandikiana, kwa hiyo siwezi kuuandika kutoka kwenye kijitabu peke yake. Nahitaji mikataba halisi. Kabla hamjaondoka, kuna bahasha mezani pale kwa Bi Katibu: leteni nakala zenu, ficheni majina na namba za simu kwa kalamu nyeusi, na andikeni nyuma mlilipa dipoziti kiasi gani, mlirudishiwa kiasi gani, na mliambiwa iliyobaki ilikatwa kwa ajili ya nini. Kama ni rangi ya ukuta, andikeni rangi.